Majibu ya shahawa: mbegu chache, mwendo dhaifu. Je, mume wangu ni mgumba?

*Shikamoo daktari.*

*Nina miaka 32, mume wangu 37. Tuna mwaka na miezi minne tunatafuta mtoto, hatujawahi kupata mimba hata ya kuharibika. Hedhi yangu inakuja kila baada ya siku 28 au 29. Nilipigwa picha ya kizazi nikaambiwa sina tatizo. Baada ya kubembeleza sana, mume wangu akakubali kupima shahawa.*

*Majibu ni haya: ujazo mililita 2.2, mbegu milioni 9 kwa kila mililita, zinazokwenda mbele asilimia 18, zinazotikisika bila kwenda popote asilimia 10, zisizosogea kabisa asilimia 72, zenye umbo la kawaida asilimia 3. Chini wameandika neno refu linaloanza na "oligo". Aliyempa karatasi alimwambia tu, "Mbegu zako ni dhaifu," akaita mtu mwingine. Tangu siku hiyo mume wangu hataki kuzungumza nami habari hizi.*

*Aliona haya kutoa kule maabara, akatolea nyumbani. Aliniambia zile za mwanzo zilimwagika nje ya kopo, na alifika kama saa moja na nusu baadaye. Alikuwa amejizuia siku 12 ili zijae. Pia wiki tano kabla ya hapo aliugua homa kali ya siku nne.*

*Sasa rafiki yake amempeleka akachomwa sindano ya testosteroni, na ya pili ni wiki ijayo. Je, ndiyo basi, hawezi kunipa mtoto? Tuanze kutafuta fedha za kupandikiza? Na je, tukutane siku za yai tu ili zisipotee bure?*

*Mke mwenye wasiwasi*

---

Marahaba, binti yangu. Nianze na sindano kwa sababu ndiyo yenye haraka: hiyo ya pili asichomwe.

Najua rafiki yake alikuwa na nia njema. Watu hupiga hesabu hivi: testosteroni ni homoni ya kiume, mbegu nazo ni za kiume, basi ukiongeza moja na nyingine itaongezeka. Mwili una hesabu nyingine. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, na hiyo ndiyo inayozituma korodani kazi kwa kutumia homoni mbili, LH na FSH. LH inaziambia korodani zitengeneze testosteroni humo humo ndani. FSH inazihudumia seli zinazolea mbegu. Ubongo nao unachungulia kiasi cha testosteroni kwenye damu kama mtu anayechungulia tangi la maji: akiona limejaa, anafunga bomba. Sindano ikijaza damu, bomba linafungwa. LH na FSH zinashuka, na ndani ya korodani, ambamo testosteroni hutakiwa iwe nyingi kuliko ya kwenye damu kwa mbali sana, panakuwa pakavu. Mwanaume atajisikia ana nguvu, hamu itapanda, na huku nyuma mbegu zinapungua mwezi hata mwezi. Wapo zinaowaishia kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na ilifanya kazi hiyo. Mumeo anapewa kinga ya mimba akiambiwa ni dawa ya kupata mimba.

Sindano moja haitamharibu. Dawa itaisha mwilini, na bomba litafunguka. Anayechomwa kwa miezi mingi ndiye anayeweza kusubiri miezi sita, mwaka, na wengine zaidi, ndipo mbegu zirudi. Akienda kwa daktari aseme jina la dawa na tarehe aliyochomwa, hata kama anaona aibu, kwa sababu bila kulijua hilo daktari atasoma vipimo vyake vya homoni kinyume. Ukimwona ana unga au vidonge vya kujenga misuli, navyo vitajwe. Vingine vina homoni za jamii hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Kwanza tuelewane maneno. Shahawa ni majimaji yote yanayotoka. Mbegu ni viumbe vidogo vinavyoogelea ndani yake, navyo ni sehemu ndogo mno ya majimaji hayo. Mengi hutoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo jirani yake. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa shahawa nyingi, nzito, za kuridhisha macho, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua chochote. Lile neno refu nalo lisiwatishe, si jina la ugonjwa. "Oligo" ni Kigiriki, maana yake chache. Kipande kinachofuata, "astheno", ni dhaifu. Aliyeandika amezirudia kwa Kigiriki tarakimu zilizopo juu yake, basi. Sababu hakuisema, kwa kuwa kipimo hiki hakionyeshi sababu.

Mimi nikipewa karatasi ya namna hii, tarakimu huwa nazisoma mwisho. Nauliza kwanza kopo lilifikaje mezani. Na wewe, Mungu akubariki, umeniandikia yote, maana katika barua yako kuna mambo manne na kila moja limevuta majibu upande wake.

La kwanza ni zile zilizomwagika. Shahawa hazitoki zikiwa zimechanganyika sawasawa. Mbegu nyingi ziko kwenye mpigo wa kwanza, na yanayofuata ni majimaji zaidi. Akipoteza za mwisho, hasara ni ndogo. Akipoteza za mwanzo, amepoteza sehemu iliyobeba mbegu, na maabara itahesabu mabaki. Kwa hiyo ile milioni 9 huenda ni ya chini kuliko ukweli. Na tukiwa hapo hapo: mililita 2.2 baada ya kumwagika ni ujazo mzuri, unaonyesha kwamba tezi zinazotoa majimaji zinafanya kazi.

La pili ni ile saa moja na nusu. Mbegu ikiwa kwenye kopo inatumia akiba yake ya nguvu, na majimaji yenyewe hayakuumbwa kuwa makazi yake. Maabara inatakiwa ianze kuzitazama ndani ya nusu saa, au kwa uchache ndani ya saa moja tangu zitoke, na njiani zikae kwenye joto la mwili, kopo likiwa ndani ya nguo karibu na ngozi. Kuchelewa na ubaridi hupunguza mwendo. Idadi haipungui, kwani mbegu iliyosimama bado inahesabika. Basi kuchelewa kunaweza kueleza ile asilimia 18, lakini hakuwezi kueleza milioni 9. Lishike hilo. Wanandoa wengi husema "tulichelewa" wakadhani wameifuta karatasi yote.

La tatu ni siku 12. Hapa mumeo amefanya kosa ambalo karibu kila mwanaume hulifanya, la kuzilimbikiza kama akiba. Kujizuia muda mrefu kweli kunaongeza ujazo na idadi, ila zinazoongezeka ni zile kongwe zilizokwisha kukaa kwenye foleni, nyingine zimekufa humo humo. Mwendo wa jumla unashuka. Muda unaotakiwa kabla ya kipimo ni siku 2 hadi 7. Mimi huwaambia siku 3, na mara ya pili siku 3 tena, ili karatasi mbili zilinganishwe kwa haki.

La nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote, ile homa. Korodani zimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu kiwanda cha mbegu kinataka joto la chini ya lile la tumboni, nyuzi kama mbili hivi. Mtu akiwa na homa ya nyuzi 39 kwa siku nne, kiwanda kinaungua pamoja naye. Lakini hasara haionekani siku hiyo. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa tangu seli yake ya mwanzo, kisha wiki moja au mbili za kupita kwenye mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, epididimisi, ambako ndiko inakojifunza kuogelea. Jumla ni karibu miezi mitatu. Mbegu alizozitoa wiki tano baada ya homa ndizo zilizokuwa katikati ya kutengenezwa wakati mwili unawaka. Karatasi yenu imepiga picha ya ugonjwa uliokwisha kupona.

Sasa ukiniuliza, baada ya kutoa hayo yote, idadi yake halisi ni ngapi? Hakuna awezaye kusema. Za mwanzo kumwagika na homa vimevuta idadi chini. Siku 12 zimeivuta juu. Huwezi kukaa na kalamu ukasahihisha. Kipimo kirudiwe.

Hata hivyo, nisikupe matumaini ya bure. Karatasi mbovu haina maana kwamba mbegu ni nzima. Nina mwanaume mmoja niliyemwona, majibu yake ya kwanza yalikuwa milioni 7 na mwendo asilimia 15, kopo lilikaa dirishani karibu saa mbili. Aliporudia kwa utaratibu, ikawa milioni 8, mwendo asilimia 34. Tazama vizuri kilichotokea: mwendo ulipanda maradufu kwa kuwa ndio ulioharibiwa na kuchelewa. Idadi ilibaki pale pale, maana yenyewe ndiyo ilikuwa shida ya kweli, na tulipomchunguza tukakuta mishipa ya damu imevimba juu ya korodani ya kushoto. Bila karatasi ya pili tungehangaika na mwendo miezi sita.

Mipaka inayoandikwa pembeni ya majibu inatoka kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Toleo la mwaka 2021 linataja milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa shahawa zote za mara moja, asilimia 30 zinazokwenda mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Watu huisoma milioni 16 kama mstari wa mpaka, huku wenye watoto, kule wagumba. Sivyo ilivyopatikana. Walichukuliwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakapangwa kuanzia mwenye mbegu chache hadi mwenye nyingi, na mstari ukachorwa pale ambapo watano kati ya kila mia wanabaki chini yake. Hao watano walikuwa na mimba nyumbani. Kwa hiyo aliye chini ya mstari nafasi yake ni ndogo na kungoja kwake kunaweza kuwa kurefu, lakini karatasi pekee haimwiti mgumba. Ile asilimia 3 ya umbo usiilalie macho hata kidogo. Mtaalamu mmoja na mwenzake wakikaa kwenye hadubini ile ile wanaweza kutofautiana kwa zaidi ya hapo.

Tarakimu ninayoitafuta mimi haimo kwenye karatasi, inabidi uikokotoe: mbegu zinazokwenda mbele kwa jumla. Chukua ujazo, zidisha kwa idadi, kisha chukua asilimia ya mwendo. Kwenu ni 2.2 mara 9, sawa na milioni 19.8, na asilimia 18 ya hizo ni kama milioni 3.6. Hao ndio waogeleaji waliokuwa na uwezo wa kuanza safari. Nasema wanaokwenda mbele kwa makusudi, kwa sababu ukiinama kwenye hadubini unaona makundi tofauti. Moja inakatiza eneo lote kama kiluwiluwi aliyeshtuliwa. Nyingine inasogea kivivu. Nyingine inapiga mkia kwa nguvu lakini inazunguka mahali pamoja, na hizo ndizo ile asilimia 10 yenu. Zina uhai, ila hazitafika. Na zilizotulia kabisa si lazima ziwe maiti. Kuna rangi, eosini, inayowekwa kwenye tone: mbegu iliyokufa inaiacha rangi iingie na inageuka nyekundu, iliyo hai inaizuia na kubaki nyeupe. Kwenu asilimia 72 hazikusogea na hakuna aliyeweka rangi hiyo. Safari ijayo mwombe daktari aiandike kwenye fomu, kwa sababu mbegu hai zisizosogea na mbegu zilizokufa zina sababu tofauti.

Kurudia nako kuna utaratibu. Kwa kawaida tunangoja miezi mitatu, mzunguko mmoja wa kiwanda. Ninyi hesabuni miezi hiyo kuanzia siku ya sindano, siyo siku ya majibu, ili homa na dawa vyote viwe vimepita. Safari hii atolee pale pale maabara kama kuna chumba cha faragha. Ikishindikana kabisa, atolee mahali pa karibu kiasi cha kufika ndani ya nusu saa. Atumie mkono mkavu: sabuni, mafuta na hata mate huua mbegu au huziduwaza, na kondomu ya kawaida haifai kuchukulia. Kopo liwe la maabara, mdomo mpana, na yote yaingie humo kuanzia tone la kwanza. Yakimwagika aseme. Hakuna atakayemcheka, ataambiwa tu aje siku nyingine. Na kwenye karatasi iandikwe saa aliyotoa na saa waliyoanza kutazama. Majibu yasiyo na saa hizo mbili mimi siyaamini mwendo wake.

Lakini miezi mitatu hiyo asikae tu akingoja. Amwone daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume, sasa hivi, akachunguzwe kwa mikono. Hilo ndilo linalorukwa mno. Watu wana karatasi tano za maabara na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuwavua nguo. Dakika tano zinatosha kujua kama korodani zote mbili zipo na zina ukubwa wa kawaida, kama mrija wa kupitisha mbegu upo pande zote, na kama kuna hiyo mishipa iliyovimba, varikosili. Huchunguzwa mtu akiwa amesimama, akaambiwa abane pumzi na kusukuma kama anayekwenda haja kubwa. Mara nyingi iko kushoto, na chini ya vidole inahisiwa kama kifuko cha minyoo. Damu iliyotuama hupandisha joto la kiwanda, ni kama homa ndogo isiyokwisha. Wapo wengi wanaoishi nayo na wana watoto, kwa hiyo kuiona tu si sababu ya kisu. Ikiwa inashikika kwa mkono na mbegu zake ni mbovu, hapo upasuaji mdogo wa kuifunga una maana, na matokeo yake husubiriwa miezi mitatu hadi sita, kwa hesabu ile ile ya kiwanda.

Idadi ikiwa chini ya milioni 10, daktari atataka na vipimo vya damu: FSH, LH na testosteroni yenyewe, ichukuliwe asubuhi. FSH iliyopanda inaonyesha tezi inapiga kelele na korodani haziitikii. FSH na LH zilizoshuka sana zinaonyesha amri haitoki juu, na hali hiyo ina dawa, ila aliyechomwa testosteroni karibuni naye anaonekana hivyo hivyo. Unaona kwa nini nimesema asifiche? Ikirudiwa na ikatoka chini ya milioni 5, vinaongezwa vipimo vya vinasaba. Hatujafika huko.

Kuhusu kupandikiza, fedha zisitafutwe leo. Karatasi ya pili ikija, fanyeni ile hesabu ya kuzidisha. Vituo vingi hutumia milioni 5 au 10 za zinazokwenda mbele kama kipimo cha kuamua. Zikiwa juu ya 10, na mirija yako ikiwa wazi, mnaweza kuendelea kujaribu kwa njia ya kawaida kwa muda mtakaopangiwa. Zikiwa kati, inazungumzwa njia ya kuosha mbegu, kuzichuja zenye kasi na kuziweka kwa mrija mwembamba ndani ya mfuko wa uzazi siku ya yai. Zikibaki chini ya 5 baada ya kutibiwa kinachotibika, ndipo linakuja suala la kutungisha nje ya mwili, ambako mbegu moja hai hudungwa ndani ya yai kwa sindano. Umri wako wa miaka 32 unawapa nafasi ya kufuata hatua hizi kwa mpangilio. Ungekuwa na 38 ningewahimiza muende mbio.

Swali lako la mwisho, la kukutana siku za yai tu, jibu ni hapana. Yai likitoka lina uhai wa takriban saa 24, na mbegu zinaweza kuishi ndani yako hadi siku tano, kwa hiyo inatakiwa mbegu ziwe zimekwisha kutangulia. Nawe huijui saa ya yai kwa uhakika huo. Kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, na dirisha litapatikana lenyewe. Kwa mwenye mwendo dhaifu kulimbikiza kunamwumiza zaidi, kama alivyoona na zile siku 12. Na mwanaume akiitwa kitandani kwa kalenda, mwili nao hugoma.

Sigara aache, na bangi kama anatumia. Simu au kompyuta ya mapajani isikae kwenye paja ikiwa ya moto, na maji ya moto ya kujilowekea ayaache kwa miezi hii. Vidonge vya kuongeza mbegu mtauziwa vingi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa wanaume zinki na asidi foliki kwa miezi sita, na mbegu zao hazikuwa bora kuliko za waliopewa vidonge vitupu. Siwazuii kula mkipenda. Msivifanye ndiyo matibabu.

Na wewe binti yangu, hujamaliza vipimo. Picha uliyopigwa inaonyesha mfuko wa uzazi na vifuko vya mayai, haionyeshi kama mirija imeziba. Kuna kipimo cha mirija kinachopitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kuna kipimo cha damu cha projesteroni, siku kama saba kabla ya hedhi unayoitarajia, cha kuthibitisha kwamba yai hutoka. Fanya vyote viwili katika miezi hiyo mitatu. Mara nyingi upande mmoja ukikutwa na kasoro mwingine husahauliwa, kisha mwaka mzima unapita mkitibu mbegu ambazo zilikuwa zinagonga mlango uliofungwa.

Mumeo mpe barua hii aisome mwenyewe, faraghani, usikae pembeni kumwangalia. Aanze na aya ya sindano. Ya homa aisome mara mbili.